Runinga Ikikwama, Usikimbilie Kuongeza Kifurushi

Picha ikianza kukwama na kile kiduara kikazunguka katikati ya kioo, wengi hupiga simu kwa kampuni ya intaneti na kulipia kasi kubwa zaidi. Inaniuma kila nikiona hivyo, kwa sababu mara nyingi kasi inayoingia nyumbani inatosha na kubaki. Inapotelea kwenye hatua ya mwisho kabisa, kwenye chipu ya waifai iliyo ndani ya runinga. Msimamo wangu ni kwamba runinga isiyohamishwa mahali pake haina haja ya kutegemea waifai. Ivutiwe waya. Waya usipowezekana, au programu za runinga zikiwa zimechoka, hapo ndipo kisanduku cha kuchezea video za mtandaoni, kinachounganishwa na runinga, kinastahili kununuliwa.

Lakini kwanza pima. Chukua simu, simama pale pale ilipo runinga, uiweke karibu na ukingo wake, na uhakikishe vyote viwili vimeunganishwa kwenye mtandao uleule wa ruta. Fungua fast.com kwenye simu, kisha fungua hiyohiyo kwenye kivinjari cha runinga. Kama runinga haina kivinjari, ingia YouTube, cheza video yoyote, na kwenye mipangilio yake uwashe "Stats for nerds". Utaona mistari miwili ya maana: "Connection Speed", yaani kasi inayoifikia runinga, na "Buffer Health", yaani sekunde ngapi za video zimeshapakuliwa mbele ya pale unapotazama.

Nilifanya hivyo kwa dada yangu, ambaye ruta yake iko nyuma ya kuta mbili kutoka sebuleni. Simu ikiwa imegusana na runinga ilipata megabiti 90 hivi kwa sekunde. Runinga ilipata 9, na mara nyingine ikashuka hadi 4. Tukaiacha filamu iendelee huku tunatazama "Buffer Health": ilianza na sekunde 20, ikawa inapungua taratibu, picha ikafifia ubora, kisha namba ikafika sifuri na kiduara kikatokea. Nikavuta kebo ndefu kutoka kwenye ruta hadi nyuma ya runinga, ikalala sakafuni kwa majaribio tu. Kasi ikapanda hadi 93. Filamu ileile, programu ileile, kifurushi kilekile cha intaneti, na safari hii akiba ya sekunde ikawa inaongezeka badala ya kuisha. "Kaka, kwa hiyo nilikuwa nalipia kasi isiyonifikia?" akaniuliza. Ndiyo, na si yeye peke yake.

Chipu hizi ni dhaifu kwa sababu zinazoeleweka. Mnunuzi dukani huangalia kioo, ukubwa na bei. Hakuna anayeuliza antena iko wapi. Kwa hiyo antena huwa vipande vidogo vilivyobandikwa ukingoni, nyuma ya bamba kubwa la chuma linaloshikilia kioo, na runinga yenyewe imebanwa ukutani. Ruta ikiwa upande wa mbele, mawimbi yanalazimika kulizunguka bamba lile. Tena runinga nyingi za bei nafuu zinapokea gigahezi 2.4 pekee, masafa yaleyale yanayotumiwa na bluutuuthi ya rimoti na spika, pamoja na ruta za majirani.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Waifai ni hewa ya kugawana: kifaa kimoja kikizungumza, vingine kwenye chaneli ileile vinasubiri. Kifaa chenye mawasiliano hafifu hutumwa data kwa mwendo wa polepole, kwa hiyo kiasi kilekile cha video kinakalia hewa kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mtu aliye chumbani analalamika kwamba mkutano wake wa video unakatika kila sebuleni wakiwasha filamu. Ukiihamishia runinga kwenye waya, umewapunguzia mzigo wote waliobaki kwenye waifai.

Waya wenyewe si jambo la kutisha. Kebo ya kawaida ya Cat5e inatosha kabisa, na inafanya kazi hadi mita 100, umbali ambao nyumba nyingi hazifiki. Zipo kebo bapa zinazopita chini ya mlango au kufuata ukingo wa ukuta. Pasipowezekana kuvuta kebo kutoka kwenye ruta, weka karibu na runinga kirudishi cha waifai, yaani kifaa kinachopokea mawimbi ya ruta na kuyarusha upya, chenye tundu la kebo ya mtandao, kisha uunganishe viwili hivyo kwa kebo fupi. Kirudishi kina antena bora na unaweza kukisogeza mahali penye mawimbi mazuri, jambo ambalo runinga iliyofungwa ukutani haiwezi.

Usishtuke ukiunganisha waya na kuona kasi haizidi 94 au 95 hata kama umelipia 300. Tundu la mtandao kwenye runinga nyingi, hata za ghali, limetengenezwa kwa megabiti 100. Kwa kutazama mtandaoni hilo halikuumizi: Netflix inapendekeza megabiti 15 kwa picha ya 4K. Anayeumia ni yule aliyehifadhi nyumbani nakala kamili za diski za Blu-ray za 4K na kuzicheza kutoka kwenye kompyuta yake, kwa sababu diski hizo zinaweza kufika megabiti 128 kwenye matukio mazito. Huyo anahitaji kisanduku chenye tundu la gigabiti.

Kisanduku kina sababu nyingine nzuri. Ikiwa umeunganisha waya, kasi imepanda, na bado menyu zinasuasua au programu inajifunga yenyewe, basi tatizo ni prosesa na kumbukumbu ya runinga, au mtengenezaji ameacha kuisasisha. Hapo waya umemaliza kazi yake. Kisanduku kinaleta prosesa, programu na waifai yake, runinga inabaki kuwa kioo tu. Ukikichagua, tafuta chenye tundu la mtandao ili usirudi kwenye tatizo lilelile.

Vile vijiti vidogo vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye HDMI vinahitaji uangalifu. Ukikichomeka nyuma ya runinga, umekipeleka kwenye kivuli kilekile cha chuma. Tumia kipande kifupi cha kebo ya HDMI ya kuongezea urefu ili kijitokeze pembeni. Pia usikipe umeme kutoka kwenye tundu la USB la runinga bila kuangalia mahitaji yake; tundu la kawaida la USB 2.0 limekadiriwa ampea 0.5, na kijiti kinachotaka zaidi kitajizima na kujiwasha katikati ya filamu. Kichomeke kwenye adapta yake ukutani.

Na kama simu nayo ilipata kasi duni pale ilipo runinga, usinunue kisanduku cha kutegemea waifai. Mawimbi hayafiki mahali hapo, na kifaa kipya kitakutana na kuta zilezile. Sogeza ruta, au vuta waya.