Riba zikipinduka Marekani, mwenye lori wa Lubumbashi asikie lipi?

Julai 2022 ilileta habari mbili kwa wakati mmoja. Bei ya shaba kwenye soko la London, ambayo mwezi Machi ilikuwa imevuka dola 10,000 kwa tani, iliporomoka hadi karibu dola 7,000. Wakati huohuo, serikali ya Marekani ikawa inamlipa riba kubwa zaidi mtu anayeikopesha kwa miaka miwili kuliko anayeikopesha kwa miaka kumi. Hapa Lubumbashi habari ya kwanza ilimfikia kila mtu: wachimbaji, wenye malori wanaosubiri zamu mpakani Kasumbalesa, hata wauza unga. Ya pili ilibaki mezani kwa watu wa benki, ingawa ndiyo iliyokuwa ikitajwa kama onyo la mdororo unaokuja.

Kwa kawaida fedha iliyofungwa muda mrefu hulipwa zaidi. Ukichora riba za hatifungani kuanzia za miezi mitatu hadi za miaka thelathini, mstari hupanda kadiri unavyoelekea kulia. Ukishuka, watu wa soko husema umepinduka. Mwaka 1986, Campbell Harvey, aliyekuwa akimaliza shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago, alionyesha kwamba tofauti kati ya riba ndefu na fupi inabashiri mwendo wa uchumi wa Marekani. Miaka kumi baadaye Arturo Estrella na Frederic Mishkin walilifanyia kazi jambo hilo katika tawi la New York la benki kuu ya Marekani, na tawi hilo linaendelea kutumia tofauti kati ya riba ya miaka kumi na ya miezi mitatu kukadiria uwezekano wa mdororo katika miezi 12 ijayo.

Rekodi yenyewe si ya kudharau. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi 2020 Marekani iliingia kwenye mdororo mara nane, na kila mara riba zilikuwa zimepinduka kabla. Hata hivyo, ukiwa na matukio manane tu, ni vigumu kutenganisha kanuni na bahati. Mdororo wa 2020 nao uliletwa na Covid, na hakuna mnunuzi wa hatifungani aliyeviona virusi riba zilipopinduka Agosti 2019. Tena mwaka 1966 riba zilipinduka, uchumi ukapunguza mwendo mwaka uliofuata, lakini mdororo haukuja.

Ubishi wa wataalamu unaanzia kwenye hesabu ndogo ambayo inafaa kuifuata hatua kwa hatua. Tuseme leo hati ya mwaka mmoja inalipa asilimia 5, na soko linategemea kwamba mwakani itakuwa inalipa 3. Mwenye fedha za kufunga miaka miwili ana njia mbili. Anaweza kununua hati ya miaka miwili moja kwa moja, au anunue ya mwaka mmoja, na ikiiva anunue nyingine. Njia ya pili itampa 5 kisha 3, yaani wastani wa 4. Kwa hiyo hati ya miaka miwili haiwezi kukaa mbali na 4. Ikilipa 5, watu wataikimbilia, bei yake itapanda, na bei ya hatifungani ikipanda riba yake hushuka. Tayari mwaka mmoja unalipa 5 na miaka miwili 4. Mstari umepinduka, na hakuna aliyetamka neno mdororo.

Kilichotamkwa ni kwamba riba zitashuka. Sababu ya kushuka haimo kwenye mchoro. Huenda soko linaona uchumi utavunjika na benki kuu italazimika kupunguza riba ili kuuokoa. Huenda pia linaona mfumuko wa bei utatulia, na benki kuu haitakuwa na haja ya kuendelea kubana. Hizo ni hali mbili zilizo mbali sana kwa mtu anayeuza shaba, lakini kwenye karatasi zinachora mstari uleule.

Kuna jambo la tatu linaloingia katikati. Anayefunga fedha muda mrefu hudai nyongeza kidogo juu ya ule wastani, fidia ya kukubali kungoja bila kujua bei zitakwendaje. Katika mfano wetu, fidia ikiwa nusu asilimia, hati ya miaka miwili italipa 4.5. Benki kuu ikinunua hatifungani nyingi za muda mrefu, kama ya Marekani ilivyofanya baada ya 2008 na tena kuanzia 2020, fidia hiyo hubanwa, na inaweza hata kushuka chini ya sifuri. Hapo mstari hupinduka kirahisi zaidi kuliko zamani. Ben Bernanke alikuwa na hoja ya namna hii Machi 2006, alipokuwa mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani: alisema mstari uliolala wakati ule haukumwonyesha kwamba uchumi ungepungua sana. Mdororo ulianza Desemba 2007. Wanaoliamini onyo hili hawachoki kumkumbusha, na wana haki. Lakini hoja yake kuhusu fidia haikuwa ya uongo. Ilitumika tu mwaka ambao kulikuwa na ugonjwa mwingine ndani ya nyumba.

Sasa turudi 2022. Kati ya Machi mwaka huo na Julai 2023 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu sifuri hadi kati ya 5.25 na 5.5. Mwanzoni mwa Julai 2023 hati ya miaka miwili ililipa karibu 4.9 na ya miaka kumi karibu 3.9. Pengo la namna hiyo halikuwa limeonekana tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Hesabu ya New York ilifika karibu asilimia 70 za uwezekano wa mdororo. Lakini mwaka 2023 uchumi wa Marekani ulikua kwa zaidi ya asilimia 2, na 2024 ukaendelea kukua. Mfumuko wa bei, uliokuwa umefika asilimia 9.1 Juni 2022, ulikuwa umeshuka hadi 3 mwaka mmoja baadaye. Soko lilipatia kuhusu riba: zilianza kupunguzwa Septemba 2024. Sababu ndiyo iliyokuwa tofauti na waliyoihofia wengi.

Wanaotetea onyo wana jibu, nalo linagusa namna benki zinavyofanya kazi. Benki hupokea akiba inayoweza kudaiwa kesho na kukopesha kwa miaka mingi. Riba fupi ikizidi ndefu, faida ya kukopesha inayeyuka, benki inabana mikopo, na kampuni zinaacha kuajiri. Kwa maelezo hayo, riba zilizopinduka haziishii kutabiri shida, zinashiriki kuileta. Kuanguka kwa benki ya Silicon Valley tarehe 10 Machi 2023 kulitajwa sana kama ushahidi. Mimi naona ushahidi huo umevutwa mno. Benki hiyo ilikuwa imejaza hatifungani za muda mrefu ilizonunua riba zikiwa chini, riba zilipopanda hati hizo zikapoteza thamani, na wenye akiba wakaja kwa pamoja kudai fedha zao. Kilichoiua ni kasi ya kupanda kwa riba, na ingeweza kufa hata kama mstari ungekuwa umenyooka.

Kilichoizuia riba fupi isiume haraka ni kwamba Wamarekani wengi hawakuwa wanailipa. Mkopo wa nyumba kule mara nyingi una riba isiyobadilika kwa miaka thelathini, na familia nyingi zilikuwa zimeufunga kwa asilimia 3 au chini ya hapo mwaka 2020 na 2021. Kampuni kubwa nazo zilikuwa zimekopa kwa muda mrefu wakati fedha ilikuwa rahisi. Harvey mwenyewe, Januari 2023, alisema kipimo chake kimewaka taa nyekundu, lakini ana sababu za kuamini kwamba safari hii kinadanganya. Moja ya sababu zake ni kwamba kipimo kimekuwa maarufu: mwenye kampuni akikiona, anapunguza madeni mapema, na shida ikija inamkuta amejiandaa.

Baada ya hapo wapo waliosema subiri, hatari huja mstari unapokunjuka. Hilo nalo lina historia: kabla ya Desemba 2007 riba zilikuwa zimesharudi sawa. Ila utabiri ambao tarehe yake inasogezwa kila inapopita hauwezi kushindwa, na usioweza kushindwa hausaidii kupanga kazi.

Kwa Lubumbashi, mwaka wa kujifunzia ni 2006 kuliko 2022. Riba za Marekani zilipinduka 2006. Aliyeegesha lori siku ile angekosa miaka miwili ambayo shaba ilikuwa na bei ambazo Katanga haikuwa imezoea. Ilishuka mwanzoni mwa 2007, ikapanda tena, na katikati ya 2008 ilikuwa karibu dola 8,900. Desemba 2008 ilikuwa chini ya 3,000. Vinu vidogo vingi vya kuyeyusha vilizimwa, wenye navyo wengine wakaondoka bila kulipa wafanyakazi. Onyo lilikuwa la kweli, lakini kati ya onyo na pigo palikuwa na muda wa kutosha mtu mwangalifu kufilisika kwa kungoja, na mzembe kutajirika na kujenga.

Tena mstari ule unazungumzia Marekani, na zaidi ya nusu ya shaba iliyosafishwa duniani inatumika China. Mei 2024, riba za Marekani zikiwa bado zimepinduka, bei ya shaba ilivuka dola 10,000 tena. Aliyeuza kila kitu Julai 2022 kwa hofu aliuza karibu na sakafu. Onyo letu wenyewe hatuna: hatifungani za serikali ya Kinshasa ni za muda mfupi mno kuchora mstari wenye maana, na Benki Kuu ya Kongo ilipopandisha riba kutoka 11 hadi 25 Agosti 2023, ilikuwa inapigania franka.

Kwa hiyo mwenye malori mawili ya kubeba shaba kutoka Kolwezi, anayetaka kukopa dola anunue la tatu, afanyeje riba zikipinduka tena? Mimi nisingemwambia asinunue. Ningemwambia apige hesabu ya marejesho kwa bei ya shaba ya siku mbaya, pale mteja wake anapopunguza safari kwa nusu, na aangalie kama yale mawili ya zamani yanaweza kulilipia la tatu. Yakiweza, anunue. Yasipoweza, achukue mkopo mdogo wa muda mrefu zaidi, hata kama riba yake iko juu kidogo, kwa sababu hakuna ajuaye kama pigo litakuja mwezi wa sita au wa ishirini na nne. Halafu afuatilie vitu viwili vilivyo karibu zaidi na kazi yake: akiba ya shaba kwenye maghala ya soko la London, na kama bei ya shaba ya kukabidhiwa leo imeshuka sana chini ya ile ya miezi mitatu. Maghala yakijaa na bei ya leo ikazidi kuachwa nyuma, wanunuzi wameshaanza kujiondoa, na hapo hahitaji tena kusoma riba za Marekani.