Kufunga Mkopo Kabla ya Muda: Hesabu za Kupiga Kwanza

Tuseme mwalimu amekopa shilingi milioni 10 kwa miaka 3, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayopigwa kwenye salio linalopungua. Kila mwezi anakatwa kama 361,500. Baada ya miaka 2 anapata fedha na anataka kumalizana na benki. Marejesho 12 yaliyobaki yanafika 4,338,000, lakini deni lenyewe ni kama 3,943,000. Tofauti ya 395,000 ni riba ambayo bado haijaiva, na hiyo ndiyo faida yote ya mwalimu akifunga mkopo. Mkataba ukisema adhabu ni asilimia 5 ya salio, 197,000 zinaondoka, yaani nusu ya faida.

Angefunga baada ya mwaka 1, adhabu ingekuwa kubwa zaidi, kama 362,000, lakini angeokoa bado zaidi ya milioni 1. Riba nyingi hulipwa miezi ya mwanzo, kwa hiyo anayefunga mwishoni anaokoa kidogo tu.

Benki nazo zina hoja. Zimetafuta fedha za kukopesha kwa gharama, na zimetegemea mapato ya miaka 3. Adhabu ndogo iliyoandikwa wazi kwenye mkataba naiona ya haki. Nisichokubali ni mkopeshaji anayepiga riba kwenye mkopo wote wa mwanzo, kisha anadai marejesho yote yaliyobaki. Kwake hakuna kinachoitwa adhabu, ila mteja haokoi hata senti.

Kwa hiyo usitegemee salio unaloliona kwenye simu. Omba kwa maandishi salio la kufungia mkopo kwa tarehe unayotarajia kulipa, likitenganisha mtaji, riba hadi siku hiyo, adhabu na ada nyingine, na litaje linatumika hadi tarehe gani, maana riba inaongezeka kila siku. Uliza pia kama adhabu inabadilika benki nyingine ikinunua mkopo wako. Mikataba mingine hutofautisha. Ukilipia bima ya mkopo kwa mkupuo mwanzoni, uliza kama sehemu ya miezi iliyobaki inarudishwa.

Upande wa pili ni fedha ya dharura. Mwalimu wetu akimaliza akiba yake yote kuokoa 198,000, kisha mtoto akaugua, atakopa tena, na mkopo mpya huja na ada zake na riba inayoanza upya. Hapo ningemshauri aendelee na makato. Kama ana akiba ya miezi kadhaa pembeni, afunge.

Akishalipa, achukue barua ya kumaliza mkopo na aipeleke kwa mhasibu wa mwajiri mara moja. Orodha ya makato ikiwa imeshafungwa, mshahara unaofuata unaweza kukatwa tena, na kurudishiwa hizo 361,500 huchukua muda.