Panga kazi kwa uzi, si kwa mteja

Mafundi wengi wa nguo hapa Nairobi hushona kwa kufuata daftari: mteja wa kwanza anamaliziwa kila kitu, kisha anayefuata. Ni heshima kwa foleni, lakini kwangu ni njia ghali ya kufanya kazi.

Chukua sare za shule za Januari. Watoto 12, kila mmoja shati jeupe na sketi ya buluu. Ukimaliza mtoto mmoja ndipo umshike mwingine, shati kisha sketi, utahama kati ya nguo hizo mara 23. Kila ukihama unatoa uzi wa juu, unabadilisha bobini, unaweka sindano ya 16 kwa gabadini ya sketi au ya 14 kwa shati, kisha unalegeza au kukaza uzi. Tuseme ni dakika tano. Hizo ni dakika 115, na hujapiga mshono hata mmoja. Ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, yenye koni tatu au nne za uzi za kubadilisha, sijaihesabu.

Kisha kuna kusahau. Ukirudi kwenye shati bila kurekebisha ukazo wa uzi, kitambaa kinajikunja kando ya mshono, na pasi hainyooshi kitu hapo. Utafumua.

Kwa hiyo mimi hukata zote, napiga ovaloki nyeupe zote, nashona mashati yote, ndipo naingia kwenye buluu. Kufikia kola ya nne mkono umeshazoea kona na sihitaji kupima tena.

Ila mtindo huu una meno. Ukikosea upana wa mshono kwenye kola, umekosea kola 12. Ndiyo maana shati la kwanza nalimaliza kabisa, hadi vifungo, nalipima, kabla ya kugusa mengine. Pia vipande huchanganyika: mikono ya saizi 28 ikishonwa kwenye kiwiliwili cha saizi 30, bega linavuta. Kila mtoto ana fungu lake, limefungwa kwa utepe wa kitambaa, na kikaratasi cha jina kimebanwa kwa pini tangu kwenye meza ya kukatia.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba hakuna nguo inayoisha mapema. Mama akipita Alhamisi na kusema, "Fundi, nipe hata moja," anakuta vipande. Basi sichanganyi wa Ijumaa hii na wa wiki ijayo hata kama rangi ni moja. Tarehe ya kuchukua ndiyo inayokata fungu, kisha rangi.

Na akija aliyefiwa, anataka gauni jeusi la kesho, naacha buluu katikati na kuweka uzi mweusi. Mwenye haraka ya harusi naye namshonea, lakini bei yake inabeba muda wa kutoa uzi na kuurudisha, na namwambia hivyo kabla sijakata kitambaa.