Kumlisha marehemu maneno

"Kaka, nimeandika stori ya siku baba alivyopoteza kazi, mwaka 1996, nilikuwa na miaka tisa. Baba na mama wanaongea karibu ukurasa mzima. Anayenifundisha kuandika anasema kama sikumbuki neno kwa neno nitoe nukuu zote, la sivyo natunga. Ni kweli?"

Mwalimu wako ana hoja, tusimdharau. Kwa msomaji aliyekulia kwenye magazeti alama za nukuu ni kama muhuri, zinamwambia haya ndo yaliyotoka mdomoni, na baba yako ni marehemu, hayupo tena kusema jamani mnanilisha maneno. Hapo sina ubishi naye.

Shida ni kwamba sheria yake inadai kitu ambacho kichwa cha binadamu hakiwezi. Mwaka 1967 mtafiti anaitwa Jacqueline Sachs aliwasikilizisha watu habari fupi, halafu akawarudishia sentensi moja kutoka humo, mara iko vilevile, mara imebadilishwa mpangilio tu, mara imebadilishwa maana. Kama sentensi ilikuwa imetoka kusikika sasa hivi, watu waligundua badiliko lolote. Zikishapita silabi 80 za maneno mengine, badiliko la maana bado waliligundua vizuri lakini la mpangilio wakawa kama wanabahatisha. Silabi 80! Jaribu kuzihesabu kwa Kiswahili: "Hamisi alitoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri" ni silabi 21 hivi, kwa hiyo zidisha mara nne umeshafika. Yaani mtu hajamaliza hata kukueleza foleni ya Mbagala umeshapoteza alivyoanza, na umebaki na alichomaanisha. Majaribio yalikuwa kwa Kiingereza na habari zenyewe hazikumhusu msikilizaji, nakubali, ila wewe unazungumzia miaka karibu thelathini.

Na siyo kwamba kila neno linafutika. Mwaka 1977 mtafiti mwingine, Janice Keenan, na wenzake walipima mazungumzo halisi ya watu waliokaa mezani, wakakuta maneno ya utani, ya kuchomana, yenye mtu na mtu ndani yake, yanakumbukwa hata yalivyotamkwa, ila maelezo makavu yanapotea. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwandishi siyo unakumbuka au hukumbuki, ni neno gani lilibaki na kwa nini hilo.

Tuchukue rasimu yako sasa. Nimeipitia na kuhesabu mistari kumi na moja ya nukuu, tukakaa na kuuliza mmoja mmoja umetoka wapi. Uliokuwa na uhakika nao ni mmoja tu, baba anasema "Wametupunguza." Ukaniambia usiku ule ulimkagua mikono na tumbo uone amepungua wapi, maana mtoto wa miaka tisa atajuaje kwamba kupunguzwa ni kuachishwa kazi? Neno likabaki kwa sababu ulilielewa vibaya, na hiyo kwangu ni sababu nzuri kuliko kiapo. Halafu ukaongeza kitu ambacho hukukiandika kabisa, kwamba wazee wako wakiwa wawili walikuwa wanaongea Kimatumbi, wewe unashika nusu, na hilo lilikuwa neno la Kiswahili lililodondoka katikati. Sasa hapo sheria ya mwalimu inabaki na nini? Ukurasa mzima ni tafsiri, hata ungekuwa na redio kaseti dirishani.

Mistari sita mingine ni ya kawaida, umekula, watoto wamelala, kesho ntaenda kwa kaka. Hiyo iache, ni maneno ya kila siku ya nyumba yenu, inabeba mwendo wa jioni na haimshitaki mtu.

Miwili niliifuta bila huruma. Mmoja baba anaeleza ubinafsishaji wa mashirika ya umma utakavyoendeshwa na mafao yatakavyokokotolewa, kwa mkewe, saa tatu usiku, uani. Huyo siyo baba, ni wewe mtu mzima uliyesoma baadaye unamtuma marehemu akuelezee wasomaji historia. Ukiona mtu kwenye mazungumzo anamwambia mwenzake kitu ambacho wote wawili wanakijua, ujue mwandishi ndo anaongea. Wa pili baba anasema "tutapambana na hizi changamoto." Aisee, fundi mitambo wa barabara ya Pugu mwaka 1996 angesema matatizo, au angesema shida! Changamoto kwa maana hiyo imejaa midomoni kwetu baadaye. Maneno yana umri, kama ambavyo huwezi kuweka M-Pesa kwenye stori ya kabla ya 2008.

Umebaki na miwili ambayo ndo hatari, na hapa nampa mwalimu haki yake yote. Mama anasema "Ulijua tangu Pasaka ukanificha," baba anajibu "Niliogopa." Nilipokuuliza, ukasema hukusikia, shangazi alikuhadithia ukiwa sekondari. Nukuu hizo zinamfanya mtu kuwa mficha siri na mwoga. Uvumbuzi wa "umekula" hauumizi, ila huu unaamua nani alijua nini na lini, na huo hauruhusiwi kwa kisingizio cha kumbukumbu.

Mfano mkubwa wa hili ni John Dean, mwanasheria wa ikulu ya Marekani, aliyetoa ushahidi bungeni kwao mwaka 1973 kuhusu Rais Nixon na kashfa ya Watergate. Alikumbuka mazungumzo kwa undani mpaka akaitwa kinasa sauti. Kanda halisi zilipopatikana, mwanasaikolojia Ulric Neisser akazilinganisha na ushahidi wa Dean wa kikao cha tarehe 15 Septemba 1972, na kazi yake ikatoka 1981: maneno karibu yote hayakuwa yale, lakini jambo kuu, kwamba ikulu ilikuwa inaficha uhalifu, lilikuwa kweli. Watu wananinukulia hapo kama ushindi wa waandishi. Mimi naona na upande wa pili, kwamba makosa ya Dean yalikuwa na mwelekeo. Kwenye ushahidi, kikao kinaanza Rais anamkaribisha akae na kumsifu kwa kazi nzuri. Kwenye kanda hakianzi hivyo. Kumbukumbu ikikosea inapenda kukosea kwa kumpendelea mwenye nayo, kwa hiyo mstari unaokufanya wewe au mama yako muonekane wema ndo wa kuutilia shaka kwanza.

Na kuuhamishia usemi wa taarifa siyo dawa. "Mama alilalamika kwamba baba alijua tangu Pasaka" bado ni shitaka lilelile, limevuliwa nukuu tu. Kinachobadilisha ni kumtaja mwenye maneno, "shangazi ndiye anayesema mama alilalamika," na Kiswahili kimetupa na "eti" ya bure kabisa ya kuonyesha neno siyo letu.

Mama yako yupo, kamuulize. Ila andika kwanza unachokumbuka, weka tarehe, funga daftari, halafu muulize "siku ile ilikuwaje?" na ukae kimya. Ukianza na "si baba alisema wametupunguza?" atakwambia ndiyo, na kuanzia hapo yeye naye atalikumbuka.

Ulifanya hivyo, na ukarudi na jibu kwamba baba hakusema neno, aliweka barua mbele ya mama akaenda kuoga. Usichague. Weka neno lako kwenye nukuu kama mtoto alivyolisikia, chini yake barua kama mama anavyoiona. Ulivyomsomea tena hivyo, hakugusa nukuu hata moja, alichokataa ni mkeka uliosema walikalia. Anasema ilikuwa kitanda cha kamba, na mguu mmoja ulikuwa umefungwa waya.