Kabla ya kunipa asilimia ya ukuaji, niambie umeanza kuhesabu mwaka gani

Ripoti nyingi za biashara siku hizi hutanguliza sentensi moja: "Tumekua kwa wastani wa asilimia kadhaa kila mwaka." Chini yake huwekwa mchoro unaopanda hadi miaka mitano ijayo. Sina ugomvi na kanuni inayotumika hapo. Ninachopinga ni tabia ya kuficha mwaka wa kuanzia kisha kujenga makadirio ya miaka ijayo juu ya asilimia hiyo, kwa sababu mwaka huo ndio wenye kauli kubwa kuliko yote.

Tuchukue biashara ambayo mauzo yake, kwa milioni, yalikuwa hivi: mwaka 2018 milioni 400, mwaka 2019 milioni 460, mwaka 2020 yakaanguka hadi 380, kisha 520 mwaka 2021, 640 mwaka 2022 na 700 mwaka 2023. Swali ni hili: kama mauzo yangekua kwa kasi ileile moja kila mwaka, ongezeko likizaa juu ya ongezeko, ni kasi gani ingeyatoa 400 na kuyafikisha 700? Kasi hiyo ndiyo kwenye majedwali huandikwa CAGR.

Unagawanya thamani ya mwisho kwa ya mwanzo: 700 kwa 400 ni 1.75. Kisha unatafuta kipeuo cha tano cha 1.75, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe mara tano utapata 1.75. Jibu ni kama 1.1184. Ukitoa 1 unabaki na 0.1184, ambayo ni asilimia 11.84 kwa mwaka. Kwenye lahajedwali, kama takwimu ziko kuanzia B2 hadi B7, unaandika:

```
=(B7/B2)^(1/5)-1
```

Kwa nini kipeuo cha tano wakati takwimu ziko sita? Kwa sababu kinachohesabiwa ni hatua kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, na kati ya 2018 na 2023 kuna hatua tano. Anayeweka 6 anapata asilimia 9.78 na haoni dalili yoyote ya kosa, maana jibu lenyewe linaonekana la kawaida kabisa. Namna ya kuligundua ni kurudi nyuma: chukua 400, uzidishe kwa 1.0978 mara tano. Utafika kwenye 638 hivi, si 700. Kasi sahihi lazima ikufikishe kwenye 700 ileile uliyoitumia kuipata.

Jaribio hilohilo linamwumbua anayechukua wastani wa kawaida. Mabadiliko ya kila mwaka hapa yalikuwa kupanda asilimia 15, kushuka 17.4, kupanda 36.8, kupanda 23.1 na kupanda 9.4. Ukijumlisha na kugawanya kwa tano unapata karibu asilimia 13.4. Itembeze kutoka 400 kwa miaka mitano, utafika 749. Hizo milioni 49 za ziada hazikuwahi kuuzwa. Zimetokana na kusahau kwamba asilimia za kila mwaka hukokotolewa juu ya misingi tofauti: anguko la 2020 lilipigwa juu ya 460, na kupanda kulikofuata kukapigwa juu ya 380, msingi mdogo zaidi. Ndiyo maana kushuka asilimia 17.4 kulihitaji kupanda asilimia 21 ili kurudi tu palepale.

Sasa tuje kwenye makadirio. Kutabiri mwaka 2028 ni kuchukua 700 na kuizidisha kwa 1.1184 mara tano, jibu milioni 1,225. Kuna njia fupi ya kulihakiki: kama unakadiria kwa idadi ileile ya miaka uliyoipima, zidisha tu kwa uwiano wa mwanzo. 700 mara 1.75 ni 1,225. Zikitofautiana kwa zaidi ya mabaki ya kukadirisha desimali, kuna mahali umeteleza.

Hadi hapo hesabu ni safi. Lakini hebu mwandishi wa ripoti aamue kuanzia mwaka 2020. Hajadanganya, 380 ni takwimu ya kweli. Kutoka 380 hadi 700 kuna hatua tatu, na kasi inaruka hadi karibu asilimia 22.6. Akiipeleka mbele miaka mitano, mwaka 2028 unapewa mauzo ya milioni 1,938 hivi. Biashara ni ileile, mwaka wa mwisho ni uleule, na kanuni ni ileile. Tofauti ya zaidi ya milioni 700 imeletwa na kuhamisha mwanzo kwa miaka miwili.

Hapa ndipo ninaposhikilia msimamo wangu: kasi iliyopimwa kutoka shimoni haifai kutabiria. Sehemu kubwa ya kupanda baada ya 2020 ilikuwa ni kurudisha kilichopotea. Wateja waliorudi wamesharudi. Hawawezi kurudi tena mwaka 2025 na tena 2026. Hata takwimu zenyewe zinanong'ona hivyo, kwa kuwa ongezeko limepungua kutoka asilimia 36.8 hadi 23.1 hadi 9.4. Kumkadiria mtu kwa asilimia 22.6 wakati mwaka wake wa mwisho ulitoa 9.4 ni kumwandalia deni.

Udhaifu wa kanuni hii ni kwamba inaona miaka miwili tu, wa kwanza na wa mwisho. Ungebadilisha takwimu zote nne za katikati upendavyo, jibu lisingetikisika. Kwa hiyo mimi huihesabu kwa kuanzia miaka tofauti. Kuanzia 2018 ni asilimia 11.8, kuanzia 2019 ni 11.1, kuanzia 2020 ni 22.6. Mbili zinakubaliana na moja imekaa peke yake, na hiyo ya peke yake ndiyo iliyoanzia kwenye anguko. Njia nyingine ni kuitumia miaka yote sita kwa kupitisha mstari kwenye logi za mauzo, kazi ambayo lahajedwali huifanya kwa `LOGEST`. Kwa takwimu zetu inatoa 1.124, yaani asilimia 12.4 hivi. Nikiona hivyo, ninakuwa na ujasiri wa kuandika makadirio kwa mwanya: asilimia 9 kama kasi itabaki ya mwaka wa mwisho, 12 kama mwendo wa muda mrefu utarejea. Kwa 2028 hiyo ni kati ya milioni 1,077 na 1,234. Si namba ya kupendeza kwenye jukwaa, lakini mtu anaweza kuajiri na kukopa kwa kuitazama.

Na miaka ikizidi, kosa dogo la kasi halibaki dogo. Peleka asilimia 11.8 na 22.6 mbele miaka 20: ya kwanza inakupa kama bilioni 6.5, ya pili zaidi ya bilioni 40. Kwa sababu hiyo sikubali makadirio yanayozidi urefu wa kipindi kilichopimwa. Takwimu za miaka mitano hazina la kusema kuhusu mwaka wa ishirini.

Jambo la mwisho ni kwa wanaopima akaunti ya uwekezaji badala ya mauzo. Akaunti iliyotoka 100 hadi 200 kwa miaka minne inaonyesha asilimia 18.9 kwa mwaka. Lakini kama katikati mwenyewe aliongeza 60 kutoka mfukoni, faida halisi ni 40 tu, na kanuni hii haiwezi kuliona hilo. Hapo inabidi kila fedha iliyoingia iandikwe na tarehe yake, na hesabu ifanywe kwa fomula ya lahajedwali iitwayo `XIRR`, inayozingatia tarehe hizo.