Gata inchi 6 au inchi 5? Tazama kwanza mdomo wa bomba

"Fundi anataka gata ya inchi 6 na bomba moja la inchi 3 pembeni, karibu na tangi. Jirani anasema inchi 5 zinatosha. Nimsikilize nani?"

Fundi yuko karibu zaidi na ukweli, ila bomba lake litamwangusha.

Tuseme nyumba iko Dar, na upande mmoja wa paa, ukipimwa kwa chini, una mita 12 kwa 5, yaani mita za mraba 60. Mvua ya masika ikishuka kwa kasi ya milimita 150 kwa saa, hata kama ni kwa dakika tano tu, upande huo unamwaga lita 150 kila dakika. Hizo ni ndoo saba na nusu za lita 20, na zote zinatafuta tundu moja.

Gata ya nusu duara ya inchi 6, ikilala karibu sawa, hubeba takriban lita 128 kwa dakika kuelekea upande mmoja. Kwa hiyo bomba likikaa pembeni, hata inchi 6 itafurika. Likihamia katikati, kila nusu ya gata inapokea lita 75 tu. Hapo hata inchi 5 ya jirani, inayobeba kama 80, inapita, ingawa kwa kubanana mno. Majani machache ya mwembe yanatosha kuiharibia hesabu.

Sasa bomba. Likiwa wima, la inchi 3 hushusha lita 300 kwa dakika bila taabu, ndiyo maana mafundi wengi wanaliamini. Kinachokwamisha ni mdomo: maji ndani ya gata ya inchi 6 yana kina cha sentimita tatu na nusu hivi pale kwenye tundu, na kwa kina hicho mdomo wa inchi 3 unameza lita 125 hivi. Mdomo wa inchi 4 unameza zaidi ya 160. Waweza kuweka faneli ya inchi 4 juu, kisha ukaendelea na bomba la inchi 3 hadi kwenye tangi.

Mwenye inchi 5 ana hoja moja nzito. Inchi 6 ikijaa ina karibu kilo 9 kwa kila mita, zaidi ya kilo 100 kwa urefu wote, na fishabodi iliyooza haiwezi kuzishika. Mbao zikiwa hivyo, badilisha mbao kwanza.

Kama gata imeshafungwa, toka nje na mwavuli wakati wa mvua kubwa. Ikimwagika mbali na bomba, gata ni ndogo, imeinama vibaya au imeziba. Ikifurika hadi juu ya bomba lenyewe, na chini maji yanatoka bila kulijaza, mdomo ndio mdogo au umezibwa na majani.

Hesabu hii ni ya gata inayomwagika nje. Iliyofichwa nyuma ya ukuta wa paa ikifurika humwagikia kwenye dari, kwa hiyo gata ya namna hiyo ningeikokotolea milimita 200 kwa saa au zaidi, na kuitobolea mlizamu wa dharura ukutani.