Usiku saba mfululizo au usiku mbili mbili?

"Kati ya kuingia usiku saba mfululizo na kupangiwa usiku mbili mbili, ni ratiba ipi inayotuumiza kidogo zaidi?" Ni swali la muuguzi mwenzangu, wakati ratiba mpya ya wodi yetu hapa Moshi ilipobandikwa ukutani.

Wanaotetea usiku saba wana hoja nzito. Kwetu zamu ya usiku huanza saa 2 usiku na kuisha saa 2 asubuhi, kwa hiyo usiku saba ni saa 84. Ukipewa wiki nzima ya mapumziko baadaye, wastani ni saa 42 kwa wiki. Mwenye familia Same au Rombo hupata siku za kutosha kwenda kukaa na watoto wake, na mama mwenye mtoto mchanga humwomba bibi aje wiki moja tu badala ya kumsumbua kila baada ya siku chache. Wapo pia wanaosema kwamba mwili huzoea usiku wa tatu au wa nne.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitilia shaka. Saa ya ndani ya mwili hujirekebisha kwa mwanga, na sisi tunatoka wodini jua la Moshi likiwa limekwisha kupanda, kwa hiyo kila asubuhi tunauambia mwili kwamba mchana umeanza. Mtu hulala saa 4 asubuhi chini ya bati lililopata moto, nje mashine ya kusaga inanguruma, jirani anabisha hodi kuleta habari ya msiba, na kufikia saa 9 alasiri yuko macho tena. Amelala saa 5 naye anahitaji 7. Akipoteza saa 2 kila siku, kufikia siku ya saba anadaiwa saa 14 za usingizi, na deni hilo analilipa katika siku zilezile alizowaahidi watoto. Nimewaona wenzangu wakirudi nyumbani kwa mapumziko na kulala siku mbili za kwanza, huku mtoto akikatazwa kupiga kelele katika nyumba yake mwenyewe.

Ratiba ya usiku mbili hupunguza deni hilo, lakini hapa mpangilio wa zamu una uzito kuliko idadi yake. Zamu yetu ya asubuhi ni saa 1:30 hadi 8:30 mchana, na ya jioni ni saa 8:00 mchana hadi 2:30 usiku. Ukipangiwa asubuhi mbili, jioni moja, usiku mbili, kisha mapumziko mawili, unafanya saa 44 na nusu, na kila unapohama zamu unapata takriban saa 23 na nusu za kupumzika. Mwili hukubali kuchelewa kulala kwa urahisi kuliko kuwahi, kwa kuwa saa yake ya ndani kwa watu wengi huzidi kidogo saa 24. Ugeuze mpangilio huo, utoke jioni na kuingia asubuhi, na unabaki na saa 11 tu, ambamo mna safari, chakula na kuoga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka angalau saa 12 mfululizo za mapumziko ya kila siku, isipokuwa kwa masharti maalumu. Ratiba nyingi za "mbili mbili" zinazolalamikiwa zina kasoro hiyo ya kurudi nyuma.

Sheria hiyohiyo inampa anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Anayelipwa shilingi 4,000 kwa saa anapata shilingi 2,000 kwa usiku mzima. Ni haki yake, lakini haimrudishii usingizi.

Uhusiano kazini huvunjika zaidi saa ya kukabidhiana zamu. Mwenzako akichelewa nusu saa, wewe uliyekesha saa 12 unaiona kama dharau. Yeye naye akikuta dozi ya saa 12 asubuhi haikuandikwa kwenye faili, anakuona mzembe. Wote wawili wana sababu. Alfajiri ndipo umakini hushuka kabisa, na kosa la kuandika hutokea hata kwa mtu mwangalifu. Nimegombana hivyo mimi mwenyewe na dada ninayemheshimu, kwa sababu ya karatasi moja ya dripu, na tulikaa wiki bila kusalimiana vizuri.

Kwa hiyo nilimjibu mwenzangu kwamba nachagua usiku mbili, mradi zamu ziende mbele, na ripoti ya kukabidhiana iandikwe kabla ya saa 10 alfajiri, kisha yale ya baadaye yaongezwe chini yake. Wanaotoka mbali waruhusiwe kuomba usiku saba kwa hiari yao, wala wasilazimishwe kufuata ratiba yangu.